Kusoma Tofauti: Jinsi ya Kunasa Makosa ya Fomula katika Lahajedwali la PAYE

Mada kwa semina ya wahasibu na makarani wa mishahara

1. Lengo la mada

Kampuni nyingi ndogo nchini Kenya hukokotoa kodi ya mishahara kwa lahajedwali alilorithi karani wa sasa kutoka kwa aliyemtangulia. Sheria ikibadilika, safu moja huongezwa hapa, nambari moja hubadilishwa pale, na kazi inaendelea. Makosa yanayotokana na hali hiyo huwa hayaonekani kwa macho, maana seli haitoi onyo lolote. Inatoa jibu, na jibu lenyewe linafanana na kodi.

Hoja ya mada hii ni kwamba kila aina ya kosa huacha tofauti yenye sura yake. Ukilinganisha kodi ya lahajedwali na kodi iliyokokotolewa kwa njia nyingine, tofauti inaweza kuwa ileile kwa watu wengi, inaweza kukua pamoja na mapato, au inaweza kufuata kato fulani. Sura hiyo hukuelekeza kwenye safu yenye kosa kabla hujafungua fomula hata moja. Nitaonyesha jambo hili kwa mfanyakazi mmoja wa kubuni, anayepata mshahara ghafi wa shilingi 100,000 kwa mwezi wa Machi 2025.

2. Jibu sahihi kwanza

Tangu Julai 2023, mapato ya mwezi yanayotozwa kodi hugawanywa katika ngazi tano. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25. Kuanzia hapo hadi 500,000 ni asilimia 30, kisha asilimia 32.5 hadi 800,000, na zaidi ya hapo asilimia 35. Kodi ikishapatikana, kila mkaazi hupunguziwa nafuu ya kibinafsi ya shilingi 2,400.

Mfanyakazi wetu anachangia NSSF 4,320, yaani asilimia 6 ya kikomo cha 72,000 kilichoanza Februari 2025. SHIF ni asilimia 2.75, sawa na 2,750, na tozo ya nyumba ni asilimia 1.5, sawa na 1,500. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, makato haya yote matatu hutolewa kabla ya kodi. Jumla yake ni 8,570, hivyo mapato yanayotozwa kodi ni 91,430.

Ngazi ya kwanza inatoa 2,400, ya pili 2,083.25, na shilingi 59,097 zilizobaki zinatoa 17,729.10. Jumla ni 22,212.35. Ukiondoa nafuu ya 2,400, PAYE ni 19,812.35. Tuishike nambari hii, kwa sababu makosa yote yanayofuata tutayapima kwayo.

3. Mpaka uliochukuliwa kuwa upana

Kosa la ngazi linalotokea mara nyingi zaidi linatokana na nambari mbili zinazokaa karibu: 8,333 ni upana wa ngazi ya pili, na 32,333 ni mpaka wake wa juu. Majedwali mengine huandika ya kwanza, mengine ya pili. Anayenakili kutoka jedwali la mipaka na kuiweka katika fomula inayotaka upana, atapata kitu kama hiki:

```
=MIN(B2-24000,32333)*25%
```

Hapa asilimia 25 imetandazwa hadi shilingi 56,333. Kwa mfanyakazi wetu, kodi kabla ya nafuu inakuwa 21,012.35 badala ya 22,212.35. Imepungua kwa 1,200 kamili.

Sasa mwangalie mwenzake ambaye mapato yake yanayotozwa kodi ni 300,000. Kodi yake nayo imepungua kwa 1,200. Kila aliye juu ya 56,333 ana pengo lilelile, kwa sababu shilingi 24,000 zilizotozwa asilimia 25 zilipaswa kutozwa asilimia 30, na asilimia 5 ya 24,000 ni 1,200. Basi tofauti isiyobadilika kwa wote wenye mshahara mkubwa ni alama ya mpaka uliosogezwa katika ngazi za chini. Ukiigawanya kwa tofauti ya viwango vya ngazi mbili zinazopakana, utajua mpaka umesogea kwa shilingi ngapi.

4. Safu ya ukaguzi

Ili tofauti ionekane, tunahitaji hesabu ya pili iliyojengwa kwa mantiki nyingine. Kunakili fomula ileile hakusaidii, maana itarudia kosa lilelile. Napendekeza karatasi iitwayo Viwango, ambamo safu A ina mahali ngazi inapoanzia na safu C ina nyongeza ya kiwango kutoka ngazi iliyotangulia:

| A: kuanzia | B: kiwango | C: nyongeza |
|---|---|---|
| 0 | 10% | 10% |
| 24,000 | 25% | 15% |
| 32,333 | 30% | 5% |
| 500,000 | 32.5% | 2.5% |
| 800,000 | 35% | 2.5% |

Jedwali linaanzia mstari wa 2, chini ya vichwa. Nyongeza zote zikijumlishwa lazima zifike asilimia 35. Zisipofika, kuna nambari iliyoandikwa vibaya. Kisha, ikiwa mapato yanayotozwa kodi yako B2:

```
=SUMPRODUCT((B2>Viwango!$A$2:$A$6)
 *(B2-Viwango!$A$2:$A$6)
 *Viwango!$C$2:$C$6)
```

Fomula hii haijui upana wa ngazi. Inatoza asilimia 10 kwa mapato yote, inaongeza asilimia 15 kwa kinachozidi 24,000, kisha asilimia 5 kwa kinachozidi 32,333, na kuendelea. Kwa 91,430 inatoa 9,143, kisha 10,114.50, kisha 2,954.85: jumla ni 22,212.35 ileile.

Alama za dola zina kazi kubwa hapa. Zikikosekana, mstari wa kwanza wa wafanyakazi utakuwa sahihi, lakini fomula ikivutwa chini, jedwali nalo linateremka. Mfanyakazi wa pili anapoteza ile nyongeza ya asilimia 10, wa tatu anapoteza na ya pili, na wa sita hana kodi kabisa. Tofauti inayotegemea nafasi ya mtu katika orodha, bila kujali mshahara wake, ni dalili ya kosa hili. Panga upya majina. Ikiwa tofauti zinabaki kwenye mistari ileile na haziwafuati watu, umelinasa.

Kabla ya kuwajaribu watu halisi, jaribu mipaka yenyewe. Kodi kabla ya nafuu inapaswa kuwa 2,400 kwa 24,000, 4,483.25 kwa 32,333; 144,783.35 kwa 500,000, na 242,283.35 kwa 800,000. Kisha ongeza shilingi moja kwa kila mpaka. Kodi ikipanda kwa senti chache ni sawa; haiwezi kupanda kwa zaidi ya senti 35. Ikiruka kwa maelfu ya shilingi, basi fomula inatoza mapato yote kwa kiwango cha ngazi mpya badala ya kutoza ziada tu.

5. Nafuu iliyohesabiwa mara mbili

Mabadiliko ya Desemba 2024 yaliacha mtego. Kabla yake, tozo ya nyumba ilimpa mfanyakazi nafuu ya asilimia 15 ya alichochangia, iliyopunguzwa kwenye kodi. Mchango wa bima ya afya nao, tangu enzi za NHIF, uliingizwa katika nafuu ya bima. Utaratibu mpya uliyahamisha makato haya yatolewe kabla ya kodi. Karani aliyeongeza makato mapya bila kufuta nafuu ya zamani amempa mfanyakazi faida mbili kwa shilingi moja.

Kwa mfano wetu, asilimia 15 ya 1,500 ni 225, na asilimia 15 ya 2,750 ni 412.50. PAYE inashuka kwa 637.50 hadi 19,174.85. Kwa mwaka ni 7,650 kwa mtu mmoja, na mwajiri ndiye anayewajibika kwa kodi ambayo hakuikata.

Tofauti hii inakua pamoja na mshahara, kwa hiyo mtu anaweza kuidhania ni kosa la kiwango. Njia ya kutofautisha ni kuigawanya. Ukigawanya 637.50 kwa 91,430 unapata asilimia 0.697, nambari isiyo na maana katika sheria yoyote. Ukiigawanya kwa 4,250, ambayo ni SHIF na tozo ya nyumba, unapata asilimia 15 kamili. Tofauti inapogawanyika na kutoa kiwango kinachojulikana, umemfikia mkosaji.

Lakini usifute safu yote ya nafuu ya bima. Bima binafsi za maisha, afya na elimu bado zinatoa nafuu ya asilimia 15 ya malipo, isiyozidi 5,000 kwa mwezi. Kinachoondolewa humo ni SHIF peke yake.

Mtego wa pili uko kwenye pensheni. Kikomo cha 30,000 kwa mwezi kinajumlisha NSSF na mfuko wa pensheni wa mwajiri. Kwa Machi 2025, mfanyakazi wa mshahara wa 150,000 anayechangia pensheni 28,000 na NSSF 4,320 anaruhusiwa 30,000, siyo 32,320. Fomula ya kwanza hapa chini ina kosa, ya pili ni sahihi kwa sehemu hii:

```
=MIN(pensheni,30000)+nssf
=MIN(pensheni+nssf,30000)
```

Ziada ya 2,320 inapunguza kodi yake kwa 696. Kikomo kingine, cha asilimia 30 ya mshahara unaohesabiwa kwa pensheni, hakimgusi mtu huyu kwa sababu kwake ni 45,000, lakini kwa wenye mishahara midogo kiingizwe ndani ya MIN hiyohiyo.

6. Jaribio la shilingi elfu moja

Njia ya haraka ya kufichua hesabu maradufu ni kugusa kato moja na kuangalia kodi. Fanya kazi kwenye nakala. Chagua mtu aliye katikati ya ngazi ya asilimia 30, andika SHIF yake kwa mkono ikiwa imeongezwa 1,000, kisha soma PAYE.

Ikishuka kwa 300, kato limehesabiwa mara moja. Ikishuka kwa 450, nafuu ya asilimia 15 bado iko hai mahali fulani. Ikishuka kwa 600, kato limetolewa mara mbili, pengine lenyewe na tena ndani ya safu ya jumla ya makato. Isiposhuka kabisa, safu haijaunganishwa na kodi. Kwa 450 au 600, Trace Dependents ya Excel inafaa: iite kwenye seli hiyo ufuate mishale hadi inakoingia mara ya pili.

Kwa yule mwenye pensheni iliyofika kikomo, matarajio yanageuka. Ukiongeza NSSF yake kwa 1,000, kodi haipaswi kusogea. Ikishuka kwa 300, NSSF iko nje ya kikomo.

7. Mbinu hizi zinaishia wapi, na nini kifanyike

Majaribio haya yanagundua fomula inayopingana na jedwali la Viwango. Jedwali lenyewe likiwa la mwaka uliopita, safu zote mbili zitakubaliana katika kosa. Kwa hiyo juu ya karatasi ya Viwango iandikwe tarehe ambayo viwango vilianza kutumika na jina la sheria iliyoviweka, na mtu wa pili alinganishe na sheria kila vinapobadilika. Vilevile, tofauti za senti moja au mbili zisikusumbue: mwenye kugawanya mipaka ya mwaka kwa 12 atapata 32,333.33, na tofauti ya kodi haifiki senti mbili. Weka kizingiti cha shilingi moja.

Napendekeza kila mwezi, kabla ya kuwasilisha marejesho ya iTax, safu ya tofauti ijazwe na kupangwa kutoka kubwa hadi ndogo. Ikiwa kuna yoyote inayozidi shilingi moja, iulizwe maswali matatu kwa mfuatano: ni ileile kwa wengi, inafuata nafasi katika orodha, au inagawanyika kwa kato fulani? Majibu yaandikwe pembeni, pamoja na fomula iliyorekebishwa na mwezi kosa lilipoanza, kwa sababu miezi yote iliyotangulia hadi hapo itabidi ihesabiwe upya.