Mwananchi Aulize kwa Maneno Yake, Jibu Litangulie

Hii ni hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa makarani wa wadi, wahudumu wa afya ya jamii na wazee wa vijiji huko Ntimaru. Tunaichapisha ili na wewe msomaji ujue unachostahili kukipata unaposoma ukurasa wa maswali na majibu wa huduma yoyote ya umma.



Nimeombwa nizungumze juu ya ukurasa wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara, yaani ile karatasi inayobandikwa ukutani au kusomwa kwenye simu kabla mtu hajafunga safari. Nitatumia mfano mmoja tu, cheti cha kuzaliwa. Kazi ya kutoa cheti hicho ni ya Serikali ya Taifa, kupitia kwa msajili. Hata hivyo, safari ya cheti huanzia kwetu. Mtoto akizaliwa katika hospitali ya kaunti, hospitali ndiyo inayojaza ile karatasi ya kwanza. Akizaliwa nyumbani, anayemwandikisha ni naibu wa chifu. Kwa hiyo maswali huja kwanza kwenu nyinyi mlioketi hapa.

Sikilizeni swali hili, nililoliandika kwa namna ambayo ofisi nyingi huandika:

“Je, ni taratibu zipi zinazotumika katika usajili uliochelewa wa vizazi?”

Na jibu lake: “Kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, uzazi hautasajiliwa baada ya kupita miezi sita tangu tarehe ya kuzaliwa, isipokuwa kwa idhini ya Msajili Mkuu na baada ya mwombaji kutimiza masharti yaliyowekwa.”

Hakuna uongo hapo. Sheria yenyewe imeandikwa karibu hivyo. Lakini fikirieni mama ambaye mtoto wake ana miaka minne, na mwalimu ameitisha cheti. Kwanza, kichwa hicho hatakisoma, kwa sababu hajui kwamba kinamhusu. Neno “vizazi” kwake ni babu, baba na mjukuu. Hakwenda kutafuta “taratibu” wala “usajili uliochelewa”. Pili, hata akikisoma, jambo la kwanza analokutana nalo kwenye jibu ni “hautasajiliwa baada ya kupita miezi sita”. Hapo ataacha kusoma na kurudi nyumbani. Sheria inamwambia ndiyo, lakini kwa masharti. Sisi tumempa hapana, kwa sababu tu ya mpangilio wa maneno.

Sasa tuiandike upya:

“Mtoto amepita miezi sita. Bado atapata cheti?”

“Ndiyo, atapata. Kwa kuwa miezi sita imepita, lazima kwanza kibali kitoke kwa msajili mkuu, na utahitaji kuonyesha ushahidi wa kuzaliwa kwake. Anza kwa naibu wa chifu wa mahali mtoto alipozaliwa. Beba vitambulisho vya wazazi, na kadi ya kliniki ya mtoto kama unayo. Ofisini shughuli hii huitwa usajili uliochelewa.”

Sheria haijabadilika hata kidogo. Tumebadilisha mambo mawili tu, na ningependa tuyaangalie moja baada ya jingine.

La kwanza ni kichwa. Maneno ya kichwa hayatungwi mezani. Yanapatikana kaunta. Wekeni daftari moja la mistari mezani kwa wiki mbili. Kila mtu anayekuja, karani aandike swali lake kama lilivyosemwa, kabla ya kulisahihisha kichwani mwake. Mama akisema “nimekuja juu ya cheti cha mtoto”, liandikwe hivyo, lisigeuzwe kuwa “maombi ya cheti cha kuzaliwa”. Akiuliza kwa Kikuria au Kidholuo, anayeijua lugha hiyo atafsiri bila kupanda cheo cha maneno. Mwisho wa wiki mbili, yakusanyeni maswali yanayofanana na mhesabu. Swali lililojirudia zaidi ndilo litakalokaa juu kabisa. Lile ambalo hakuna aliyeuliza, hata kama bosi analipenda, halina nafasi kwenye ukurasa huo.

Mtaona pia kwamba maneno ya watu wakati mwingine yanataja kitu kingine. Mtu anasema ana “karatasi ya hospitali”, kumbe ameshika kadi ya kliniki, ile ya chanjo na kilo za mtoto. Karatasi inayotangulia cheti ni ile ambayo hospitali hujaza mtoto anapozaliwa, ambayo wengi ofisini huiita notifikesheni. Hapa msimwondolee mwananchi neno lake, kwa kuwa ndilo atakalolitafuta. Kichwa kiseme, “Karatasi ya hospitali ni ipi?” Kisha jibu lianze hivi: “Ni ile unayopewa mtoto anapozaliwa, inayoitwa notifikesheni. Siyo kadi ya kliniki.” Neno la watu likae juu, na neno la ofisi limfuate ndani ya jibu, kwa sababu atalikuta tena dirishani na asishtuke.

Kuna kasoro nyingine ya vichwa ambayo huonekana tu ukiviweka pamoja. Vichwa sita vikianza vyote kwa “Je, ninawezaje”, jicho halina pa kushika. Neno linalotofautisha swali moja na jingine lisogee mbele: “Mtoto amezaliwa nyumbani”, “Notifikesheni imepotea”, “Jina limekosewa”. Mwenye shida ataliona lake bila kusoma yote sita.

Jambo la pili ni jibu. Sentensi ya kwanza ya jibu itoshe peke yake. Kama swali ni la ndiyo au hapana, neno hilo litangulie, na lifuatwe na kitenzi. Sisemi hivi kwa mapambo. Katika Kiswahili, mtu akiuliza “Siwezi kupata cheti bila baba wa mtoto?” na wewe ukajibu “ndiyo”, umekubali kwamba hawezi. Aliyezoea Kiingereza anaweza kulisikia kinyume. Kwa hiyo vichwa visiwe vya kukanusha, na jibu lisikomee kwenye “ndiyo” tupu. Andikeni: “Baba hayupo. Nitapata cheti cha mtoto?” Jibu: “Ndiyo, utapata.”

Swali hilo la baba linatufunza jambo jingine. Ndani yake mara nyingi mna maswali mawili. Moja ni kama cheti kitatoka baba akiwa hayupo. Jingine ni kama jina la baba litaandikwa kwenye cheti wazazi wakiwa hawajaoana. Hayo mawili yana majibu tofauti. Kifungu cha 12 cha sheria ile kilizuia jina la baba kuandikwa isipokuwa wazazi wote wawili waombe pamoja, au pawe na ushahidi wa ndoa. Mwezi Mei 2016, Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba kwa kuwabagua watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Ukiyafunga maswali haya mawili katika kichwa kimoja, mama atasoma habari ya mahakama na kudhani hata cheti chenyewe kina kesi. Yatenganisheni, kila moja na kichwa chake.

Na jibu baya je? Nalo litangulie. Hapa Ntimaru tuko mpakani, na kuna mama hujifungulia upande wa Tarime kwa sababu ndiko kwao au ndiko alikokuwa. Anauliza: “Nilijifungulia Tanzania. Mtoto ataandikishwa hapa?” Jibu lisimzungushe: “Hapana, hataandikishwa na hospitali wala naibu wa chifu wa hapa. Uzazi huo huandikishwa Tanzania, alikozaliwa. Lakini uraia wake haupotei. Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema mtoto ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa kama mama au baba yake ni raia, hata akizaliwa nje ya nchi.” Hapana imekuja mapema, ikamwokolea nauli. Kisha limekuja lile linalomtia hofu zaidi, naye akajibiwa.

Yapo maswali ambayo jibu lake la kweli ni “inategemea”. Msiliandike neno hilo. Andikeni kile ambacho jibu linategemea. “Nianzie wapi kumwandikisha mtoto?” Jibu: “Kama alizaliwa hospitali, anzia hospitali ile ile. Kama alizaliwa nyumbani, anzia kwa naibu wa chifu.” Msomaji anachagua upande wake na kuondoka.

Mtajuaje kama ukurasa umefaulu? Kabla ya kuubandika, mwiteni mtu ambaye hajawahi kuuona. Msomeeni kichwa na sentensi ya kwanza ya jibu tu, kisha mwulizeni, “Kesho asubuhi utakwenda wapi, na utabeba nini?” Akikosa, tatizo ni la maandishi. Msianze kumweleza kwa mdomo, kwa sababu karatasi ikiwa ukutani hamtakuwa karibu nayo. Baada ya hapo, daftari lirudi mezani. Swali ambalo lina jibu ukutani likiendelea kuulizwa, ama kichwa chake hakifanani na maneno ya watu, ama jibu lake limejificha.

Lakini ukurasa huu una mipaka yake. Serikali ya Uingereza, iliyoanza kukusanya huduma zake pamoja kwenye GOV.UK mwaka 2012, huwashauri waandishi wake wasiandike kurasa za maswali ya mara kwa mara. Hoja yao ni kwamba watu wakiuliza sana, maelezo ya huduma yenyewe ndiyo hayaeleweki, na hayo ndiyo ya kurekebishwa. Nakubaliana nao kwa sehemu. Kama kila mmoja anauliza asaini wapi, rekebisheni fomu. Kwetu, hata hivyo, mtu hufika na swali mdomoni, na ukurasa wa maswali unamfaa, mradi swali liwe lake kweli.

La mwisho ni ukweli wa majibu. Kabla ya kubandika, kila jibu lipitiwe na mwenye huduma, ambaye kwa mfano wetu ni ofisi ya msajili. Ada na orodha ya karatasi hubadilika. Kwa hiyo chini ya ukurasa iandikwe tarehe ambayo majibu yalithibitishwa, na ofisi iliyoyathibitisha. Jibu fupi lililopitwa na wakati humpoteza mtu haraka kuliko refu.

Na nyinyi wananchi mtakaosoma maneno haya, mnapokuja kaunta msitafute Kiswahili cha ofisi. Ulizeni kama mnavyouliza nyumbani. Karani akiwa na daftari lake, swali lako ndilo litakalokuwa kichwa cha habari.