Mifuko Mitatu, Washindi Watatu
Mhadhara wa umma uliotolewa Wundanyi



Muuzaji wa mfuko wa uwekezaji akija kwenye chama chenu, jambo la kwanza atakalowaonyesha ni faida. Asilimia ishirini, atasema, na kidole kitabaki hapo. Leo nataka tukiondoe kidole hicho.

Nimetunga mifuko mitatu, nikaipa majina ya milima yetu. Msiitafute sokoni, ni ya ubaoni tu. Katika miaka mitano, Vuria imeleta wastani wa asilimia 20 kwa mwaka, Susu 15, na Kasigau 14. Soko zima la hisa limeleta 16. Hati za hazina za siku 91, ambazo Serikali hulipa bila wasiwasi, zimeleta 10. Hiyo kumi haihitaji meneja. Yeyote anaweza kuipata akiwa amelala, kwa hiyo tunaiondoa kwanza kwa kila mtu. Vuria inabaki na ziada ya 10, Susu 5, Kasigau 4.

Sasa tuulize ziada hiyo ilipatikana kwa kutikiswa kiasi gani. William Sharpe, katika makala yake ya mwaka 1966, aligawanya ziada kwa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi faida inavyopanda na kushuka kuzunguka wastani wake. Mkengeuko wa Vuria ni 22, wa Susu 20, wa Kasigau 8. Kwa hiyo Vuria inapata 0.45, Susu 0.25, na Kasigau 0.50. Mfuko uliokuwa mkiani kwa faida umeshika nafasi ya kwanza. Soko lenyewe, lenye mkengeuko wa 15, lina 0.40. Susu basi imeshindwa hata na mtu aliyenunua soko zima na kwenda zake shambani.

Lakini mwaka mmoja kabla ya Sharpe, Jack Treynor alikuwa ameshauliza swali jingine. Mtikisiko wa mfuko una sehemu mbili. Moja hutoka kwa soko zima: riba ikipanda, hisa zote hunung'unika. Nyingine ni ya mfuko peke yake, kama meneja aliyejaza fedha kwenye kampuni mbili tatu na moja ikaanguka. Hii ya pili unaweza kuizima kwa kutawanya fedha zako kwingine. Mama anayepeleka mboga Mombasa kwa gunia moja la nyanya hulia zikioza. Mwenye kabeji, karoti na nyanya hulia nusu. Treynor aligawanya ziada kwa beta, inayopima sehemu ya soko tu. Beta ya soko ni 1. Vuria ina 1.2, nayo Susu na Kasigau zina 0.5 kila moja. Matokeo: Vuria 8.3, Kasigau 8, na Susu 10. Iliyokuwa ya mwisho kwa Sharpe sasa ndiyo bingwa.

Michael Jensen, mwaka 1968, hakugawanya. Alitoa. Aliuliza: kwa beta hii, mfuko ulipaswa kuleta kiasi gani? Pengo kati ya kiasi hicho na faida halisi, R, ndilo alfa; Rf ni faida ya hati za hazina, na Rm ni ya soko:

α = R − [Rf + β(Rm − Rf)]

Soko lilizidi hati za hazina kwa 6. Vuria, yenye beta 1.2, ilipaswa kuleta 10 na 7.2 juu yake, yaani 17.2. Ikaleta 20, basi alfa yake ni 2.8. Susu ilipaswa 13, ikaleta 15: alfa 2. Kasigau ilipaswa 13 pia, ikaleta 14: alfa 1. Na sasa Vuria ndiyo ya kwanza.

Mifuko mitatu, vipimo vitatu, washindi watatu, na hakuna hesabu iliyokosewa. Kila kipimo kinajibu swali la mtu mwingine. Mjane aliyeweka kiinua mgongo chote kwenye mfuko mmoja hutikiswa na kila kitu, cha soko na cha mfuko. Huyo asome Sharpe, na achague Kasigau. Mfuko wa pensheni wenye mameneja kumi, unaotaka kuongeza wa kumi na moja, unaweza kuitazama Susu kwa jicho la Treynor, kwa sababu vituko vyake vitazimwa na wenzake. Alfa huonyesha kama meneja ameongeza chochote, lakini mimi siipendi kwa kupanga nafasi. Kasigau ikikopa kwa asilimia 10 na kuwekeza maradufu, alfa yake inapanda kutoka 1 hadi 2, na meneja hajawa na akili zaidi hata chembe. Sharpe na Treynor zake hazisogei.

Nchini mwetu kuna mitego miwili zaidi. Kiashiria cha hisa zote za Nairobi, NASI, kilishuka kwa takriban asilimia 23 mwaka 2022 na karibu 28 mwaka 2023. Miaka kama hiyo ziada ni hasi, na vipimo vya kugawanya hugeuka kichwa chini. Chukua mifuko miwili iliyobaki nyuma ya hati za hazina kwa 20. Mmoja una mkengeuko wa 10, unapata hasi 2. Mwingine una 20, unapata hasi 1, na jedwali linauweka juu. Umezawadiwa kwa kutikisika zaidi! Ukiona Sharpe hasi kwenye kijitabu cha mauzo, usipange nafasi.

Mtego wa pili ni kiashiria chenyewe tunachopimia. Mwaka 2021 Safaricom peke yake ilifikia zaidi ya nusu ya thamani ya soko. Hisa yake ilipita shilingi 40 mwaka huo, na kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Meneja aliyekuwa na Safaricom kidogo tu alionekana na alfa nono kipindi hicho, hata kama hakufanya zaidi ya kuikwepa kampuni moja. Nawaambia wanafunzi wangu: piga hesabu mara mbili, kwa NASI na kwa kiashiria kingine. Mshindi akibadilika, huna mshindi.

Jensen alipima mifuko 115 ya Marekani, kuanzia 1945 hadi 1964, na kwa wastani haikuweza hata kulipia gharama zake. Sharpe alipima 34, na 11 tu ndiyo iliyoishinda Dow Jones. Kwa hiyo swali langu la mwisho ni je, alfa ya 2.8 ya Vuria ni ujuzi au bahati?

Tuondoe mtikisiko wa soko kwenye Vuria. Unabaki wake binafsi, kama asilimia 12.6 kwa mwaka. Kwa miaka mitano, kosa sanifu la alfa ni karibu 5.7, maradufu ya alfa yenyewe. Maana yake, alfa halisi inaweza kuwa sifuri au hasi bila mtu yeyote kushangaa. Kasigau, yenye mtikisiko binafsi usiofika 3, inaaminika kuliko Vuria ingawa alfa yake ni ndogo, japo nayo bado haijathibitika.

Ili tuitofautishe alfa ya Vuria na bahati kwa kiwango cha kawaida cha watakwimu, tungehitaji rekodi ya takriban miaka 82. Soko la Hisa la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954, na NASI ilianza kuhesabiwa mwaka 2008.