Ukurasa Mmoja kwa Bosi: Mada kwa Vijana Mnaokwenda Fildi

Vijana wenzangu, nimeombwa niongee na mnaoanza mafunzo kwa vitendo maofisini. Nitaongelea jambo moja tu: unapoona kitu kinachoweza kurekebishwa, unamwandikiaje msimamizi wako akakubali?

Mimi nilipangiwa masijala ya ardhi kwenye halmashauri moja, sitaitaja. Kwa asiyejua, masijala ndipo yanapotunzwa majalada. Mwananchi anakuja kufuatilia kiwanja chake, anaambiwa, "Jalada halionekani, njoo Alhamisi." Alhamisi anarudi, wimbo ni uleule. Na nauli analipa yeye.

Wazo la kwanza linalokuja kichwani kwa kijana ni mfumo wa kompyuta. Sasa jiulize, huyo msimamizi wako ana mamlaka ya kuuidhinisha? Hana. Unahitaji bajeti, na mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Wewe una wiki nane. Pendekeza kitu ambacho aliye mbele yako anaweza kukiruhusu leo kwa saini yake.

Kabla ya kuandika, hesabu. Niliomba ruhusa, nikaweka alama kwenye daftari kwa siku tano, bila kuandika jina la mwananchi wala kupiga picha ya jalada. Yaliombwa majalada 40 na 11 hayakuwa kabatini. Tukayatafuta: 9 yalikuwa mezani kwa maofisa, jengo hilohilo, na 2 yalichomekwa sehemu siyo yake. Mnaona? Tulikuwa tunasema yamepotea, kumbe yametoka na hayakuacha alama. Hesabu ndiyo iliyonionyesha dawa.

Halafu nikakaa na dada mtunza kumbukumbu, kwa sababu kazi ingemwangukia yeye. Akaniambia, "Mdogo wangu, rejista ya kutolea tunayo. Shida jalada likitoka hapa linahama meza kwa meza." Hilo nisingelijua peke yangu.

Dokezo langu lilikuwa hivi:

Tatizo: Katika maombi 40 ya wiki moja, majalada 11 hayakuwa kabatini. Kati yake, 9 yalikuwa mezani kwa maofisa.

Pendekezo: Jalada likitolewa, kadi ya manila iwekwe mahali pake, yenye namba ya jalada, aliyelichukua na tarehe. Ofisa akimpa mwenzake, alete masijala kikaratasi cha kuhamisha, na kadi ibadilishwe.

Jaribio: Kabati moja, wiki mbili.

Gharama: Manila 10, zikatwe kadi 60. Kalamu zipo.

Kipimo: Kila Ijumaa tuhesabu mapengo yasiyo na kadi.

Kisichotatuliwa: Majalada yaliyochomekwa sehemu siyo yake.

Ninaomba: Ruhusa ya kuanza Jumatatu.

Basi. Neno "uzembe" halimo, wala jina la ofisa aliyekaa na majalada. Ukimtuhumu mtu, bosi ataacha kujadili kadi, ataanza kumtetea mtu wake. Na ile sehemu ya kisichotatuliwa msiiache. Bosi mzoefu ataliona tundu hata usipomwonyesha. Ukilitaja mwenyewe, anajua umefikiri.

Sikumwachia mezani nikaondoka. Nilisubiri saa tisa, foleni ikiwa imepungua. "Shikamoo mama, naomba dakika tano." Akasoma, akauliza, "Ofisa asipoleta kikaratasi?" Nikamjibu kwamba kadi itabaki na jina lake, kwa hiyo tutaanzia kwake kuuliza. Akafuta "Jumatatu", akaandika "baada ya kikao cha idara", ili maofisa waambiwe na yeye, siyo na mwanafunzi wa fildi. Alikuwa sahihi. Kadi inafanya kazi pale tu wachukuaji wanapokubali kuandikwa.

Wiki ya kwanza tulikuta mapengo 6 bila kadi. Yote yalitokea saa za foleni, mtu anajichukulia mwenyewe. Dada akazihamishia kadi na kalamu juu ya kabati lenyewe. Wiki ya pili mapengo yakawa 2. Sikuandika kwamba tatizo limekwisha, maana kabati moja kwa wiki mbili halithibitishi ofisi nzima. Niliandika namba zote mbili chini ya dokezo lilelile, na msimamizi akaongeza kabati la pili.

Mwananchi wa kabati lile sasa anaambiwa, "Jalada lako liko kwa mpima, chumba namba nne." Bado anasubiri, lakini anajua anamsubiri nani, na anajua mlango wa kugonga.

Mwenye swali aulize, na mwenye dokezo lake alilete tulisome pamoja.