Usiku Mmoja Ndani ya Maji: Kwa Nini Mtama Uliolowekwa Huwahi Kuchomoza katika Udongo Mkavu



Mhadhara huu umezaliwa na sentensi moja. Miaka kadhaa iliyopita, katika kikao cha kupitia miongozo ya ugani, nilipendekeza mkulima wa mtama katika maeneo makavu ashauriwe kuloweka mbegu usiku wa kuamkia siku ya kupanda. Mwenzangu mmoja, mtaalamu wa udongo ninayemheshimu sana, alinijibu hivi: "Udongo ukiwa na maji ya kutosha, mbegu itaota yenyewe; usipokuwa nayo, utakuwa umeiamsha mbegu ili ife." Pendekezo likaondolewa. Sentensi ile nimekaa nayo tangu siku hiyo, na leo naomba niijibu kwa kirefu.

Ya historia nitayapita haraka. Wenzangu wanajua jinsi Heydecker na wenzake huko Nottingham walivyoonyesha mwaka 1973 kwamba mbegu inaweza kuandaliwa kabla ya kupandwa, na jinsi Dave Harris wa Bangor, Uwelisi, alivyoitoa kazi hiyo maabara akaipeleka kwa wakulima, Botswana kwanza na India baadaye, akiacha kemikali na kubaki na ndoo na maji ya kawaida. Nataka kwenda moja kwa moja kwenye makala ambayo mwenzangu aliitegemea, kwa sababu ni makala ninayoipenda kuliko zote katika fani hii.

Iliandikwa na Hunter na Erickson mwaka 1952, nayo haizidi kurasa tatu. Walijiuliza swali ambalo mtoto angeweza kuliuliza: mbegu inahitaji maji kiasi gani ndani yake ndipo iote? Wakaweka mbegu katika udongo wa unyevu mbalimbali, wakapima. Mahindi huota yakifikisha asilimia 30.5 ya maji, mpunga 26.5, soya 50. Tazameni maana yake mezani. Chukua gramu 100 za mahindi yaliyokaushwa vizuri, yenye maji asilimia 12. Ndani yake mna gramu 12 za maji na 88 za punje yenyewe. Ili yafike asilimia 30.5, ni lazima yanywe gramu 26 hadi 27 za maji, kiasi kisichojaza nusu kikombe cha kahawa. Soya ya uzito huohuo itataka gramu 76. Ndiyo maana soya humshinda mkulima pale ambapo mahindi yameota, na halikuwa kosa la muuza mbegu.

Wakaenda mbali zaidi. Udongo huyashika maji kwa mvuto, na kadiri unavyokauka ndivyo unavyoyang'ang'ania. Tukipima mvuto huo kwa bari, udongo uliolowa vizuri na kuchuja maji ya ziada huyashika kwa takriban theluthi ya bari moja, na mimea mingi hunyauka kabisa unapofika bari 15. Hunter na Erickson waliona kwamba mahindi yaliota hadi mvuto wa angahewa 12.5, kipimo ambacho kwa kazi yetu ya leo ni sawa na bari. Mpunga ulikomea 7.9, soya 6.6. Kila ninapoisoma makala hii nastaajabu jinsi watu wawili walivyosema mengi kwa maneno machache kiasi kile.

Hapo ndipo mwenzangu alipojenga hoja yake. Kama kuna mpaka, alisema, basi mbegu iko upande huu au ule, na ndoo haiwezi kuusogeza mpaka. Kuhusu mpaka yuko sahihi. Lakini Hunter na Erickson walijibu swali la kama mbegu itaota. Mkulima wa Dodoma anauliza itaota lini, na tofauti ya maswali hayo mawili ndiyo inayoamua kama shamba litapandwa mara moja au mara tatu.

Mwaka 1986 Gummerson, akifanya kazi na mbegu za kiazisukari, alitupa njia ya kuhesabu, na baadaye Bradford wa Kalifonia akaikuza. Nitaieleza kama deni. Kila mbegu inadaiwa kabla ya kuota, na deni hulipwa kwa saa zikizidishwa na nafasi iliyopo kati ya mvuto wa udongo na mpaka wa mbegu. Nachagua tarakimu nyepesi za mfano. Tuseme mpaka wa mbegu yetu ni bari 12, na katika maji matupu, ambako mvuto ni sifuri, huota kwa saa 24. Deni lake ni 12 mara 24, yaani 288. Ipande katika udongo wenye mvuto wa bari 6: nafasi ni 6, itachukua saa 48. Katika bari 9 nafasi ni 3, itachukua saa 96, siku nne kamili. Katika bari 11 nafasi ni moja tu, nayo itakaa siku 12 chini ya ardhi. Mbegu zote hizi, kwa hesabu ya mwenzangu, ziko upande mmoja wa mpaka, zote "zitaota zenyewe".

Sasa iloweke saa 10 usiku mmoja. Ndani ya ndoo nafasi ni 12 nzima, kwa hiyo imelipa 120 na imebakiza 168. Ipande asubuhi katika udongo ule wa bari 9. Itaota baada ya saa 56 badala ya 96. Saa 10 za ndoo zimeokoa saa 40 za ardhini. Wanaosema kuloweka humpa mkulima zile saa za kuloweka tu wanasahau kwamba saa ya ndani ya maji na saa ya ndani ya udongo mkavu hazina thamani moja. Kadiri udongo unavyokauka ndivyo saa ya ndoo inavyozidi kuwa ghali, na hii ndiyo sababu faida huonekana wazi Dodoma na hufifia kwenye shamba la umwagiliaji.

Na hapo nimeuchukulia udongo kana kwamba umesimama, ilhali hausimami. Baada ya mvua ya kwanza jua hurudi, na sentimita tatu hadi tano za juu, palepale mbegu ilipo, hukauka saa baada ya saa. Juu yake hujifunga ukoko. Chipukizi la mtama ni jembamba. Likifika juu wakati ukoko ungali na unyevu huupasua na kutoka. Likichelewa siku mbili hujikunja chini yake. Fukua pale kwenye shimo lisilotoa kitu utalikuta, jeupe, limejipinda kama ndoano. Nimefukua mashimo mengi ya namna hiyo ambayo mwenyewe alikwisha kuyahesabu kuwa ya mbegu mbovu.

Kuna pingamizi la pili, na ni zito kuliko la kwanza: mbegu iliyolowa ikiwekwa katika udongo mkavu, je, udongo hautayanyonya maji yake na kulirudisha deni pale lilipokuwa? Maji unaweza kuyanyonya kwa sehemu. Kazi iliyokwisha kufanyika hauichukui yote. Unywaji wa maji una hatua tatu. Ya kwanza ni ya mnywesho mtupu, hata mbegu iliyokufa huvimba. Ya pili kwa nje imetulia, uzito hauongezeki, lakini ndani kiinitete hurekebisha chembeurithi zilizochakaa ghalani, huamsha mitambo ya nishati na kuanza kutengeneza protini. Ya tatu kizizi hutoka. Mbegu iliyoloweshwa hadi hatua ya pili, kisha ikakaushwa, huweza kuota haraka kuliko ndugu yake ambaye hakuguswa. Kama faida ingekuwa ya maji peke yake, ingekauka pamoja na maji.

Mimi jambo hili sikulijifunza chuoni. Bibi yangu alikuwa anatengeneza kimea cha mtama. Alikuwa akiloweka jioni, anachuja asubuhi, anatandaza juu ya gunia na kuufunika. Nikiwa na miaka tisa nilitumwa kuchuja, nikasahau, na mtama ukalala ndani ya maji usiku wa pili. Bibi aliingiza mkono, akanusa, akasema, "Huu umelewa." Harufu ilikuwa chachu kabisa. Leo najua alichonusa: mbegu iliyokosa hewa huanza kuchachuka na kujitengenezea kileo, na kiinitete hudhoofika. Wakulima, hicho ndicho kipimo cha kwanza. Maji yakinuka chachu, mmepitiliza.

Kipimo cha pili ni cha kikomo cha usalama, neno la Harris ambalo nalithamini sana. Ni muda mrefu zaidi wa kuloweka ambao mbegu, ikitolewa na kukaushwa nje tu, haitaota bila kupata maji mengine. Kwa mtama ni takriban saa 10. Mahindi huvumilia zaidi, dengu hupungukiwa. Aina zatofautiana, kwa hiyo jaribuni nyumbani: loweka konzi kadhaa, toa moja baada ya saa 8, nyingine saa 10, nyingine 12, zifute kwa kitambaa, ziache kivulini siku mbili. Konzi itakayotoa kizizi yenyewe imevuka kikomo. Chini ya kikomo mbegu inaweza kungoja, na mvua ikiahirishwa inawezekana kuianika kivulini na kuitunza siku chache. Ikishatoa kizizi haingoji tena.

Hapa nampa mwenzangu haki yake. Anayepanda katika vumbi akisubiri mvua asiloweke. Kuloweka ni kwa siku ya kupanda katika udongo uliokwisha kupata mvua, hata kama ni haba. Mbegu iliyopakwa dawa pia isilowekwe, kwani dawa huishia ndani ya ndoo na maji hayo ni hatari kwa watu na mifugo. Na mavuno, nakiri, hayapandi kila msimu: majaribio ya Zimbabwe ya mahindi na pamba yalionyesha mbegu zikiwahi kuchomoza bila mavuno kuongezeka kila mara. Ukame wa Februari hauulizi mbegu ilichomoza lini.

Pamoja na hayo, imani yangu haijatikisika. Sehemu kubwa ya mbegu tunazoziita mbovu ni mbegu nzuri zilizochelewa, na kurudishia kunakomaliza akiba ya kaya kungepungua kama mbegu ingepewa usiku mmoja ndani ya maji. Kwa mkoa unaopata mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka, nyingi yake kati ya Desemba na Aprili, siku mbili za mwanzo hazirudi.

Ombi langu ni moja, na nalielekeza kwa watafiti wa mbegu na kwa wanaozifungasha. Kila aina ya mtama inayotolewa ipimwe kikomo chake cha kulowekwa, na saa hizo zichapwe kwenye mfuko, karibu na tarehe ya kuisha muda. Nafasi ipo, ni tarakimu mbili tu.