Samansi Iliyobandikwa Mlangoni

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wavuvi na wafanyabiashara wa samaki jijini Mwanza.)



Mvuvi wa dagaa hufuata giza la mwezi, naye aweza kukaa majuma mengi katika kisiwa cha Irugwa au Ukara, huku nyumba yake ya Kirumba imefungwa. Mahakama haiijui safari hiyo. Yenyewe inajua anwani iliyoandikwa na mdai katika hati yake ya madai.

Natuchukue mfano. Mtu anadaiwa shilingi 42,000,000 za nyavu, taa na injini mbili. Mdai anafungua shauri katika Mahakama ya Wilaya. Mpeleka samansi anakwenda Kirumba mara moja, anakuta kufuli, anabandika karatasi mlangoni na kurudi. Siku 21 za kujibu zinapita bila majibu. Shauri linasikilizwa upande mmoja, na tarehe 20 Juni hukumu inatolewa. Mdaiwa anapata habari tarehe 8 Agosti, dalali wa mahakama anapofika mwaloni kukamata mtumbwi.

Wengi wakifikwa na hayo hukimbilia kueleza kwamba deni walikwisha kulilipa. Hilo litakuwa na nafasi yake baadaye. Swali la kwanza ni jinsi samansi ilivyofikishwa, na jibu lake limo ndani ya jalada. Mdaiwa aombe kulikagua, asome taarifa ya mpeleka samansi. Amri ya Tano ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inataka samansi akabidhiwe mdaiwa mwenyewe, au wakala wake mwenye mamlaka, kila iwezekanapo. Kubandika mlangoni kunaruhusiwa, lakini baada ya kumtafuta mdaiwa kwa bidii ya kutosha. Na mpelekaji aeleze alibandika lini, kwa namna gani, nani aliyemwonyesha nyumba, na mbele ya nani. Taarifa isemayo tu kwamba “nilikwenda, hakuwapo, nikabandika” ina kasoro, na kasoro hiyo ndiyo nguzo ya maombi.

Mdaiwa atazame pia kama alipelekewa taarifa ya siku ya kusomwa hukumu. Katika shauri la Cosmas Construction dhidi ya Arrow Garments, lililomo katika taarifa za sheria za mwaka 1992, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba asiyefika hushindwa kushiriki katika usikilizaji, lakini hanyimwi haki ya kujua siku ya hukumu.

Maombi ya kutengua hukumu ya upande mmoja hupelekwa chini ya Amri ya Tisa, katika mahakama ile ile iliyoitoa. Muombaji athibitishe ama kwamba samansi haikumfikia ipasavyo, ama kwamba sababu ya kutosha ilimzuia kufika.

Sasa nawaomba msikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapozama. Muda wa maombi hayo ni siku 30, nazo huhesabiwa tangu tarehe ya tuzo ya mahakama, wala si tangu siku mdaiwa alipopata habari. Mvuvi wetu amechelewa kabla hajajua kwamba ameshtakiwa! Wengine wataona huo ni ukali mno, na mimi ni mmoja wao. Lakini ndivyo ilivyo. Hana budi kuomba kwanza kuongezewa muda chini ya Sheria ya Ukomo. Akiupata, ndipo aombe kutengua.

Katika ombi hilo la kwanza, kila siku ya ucheleweshaji hudaiwa maelezo. Mpaka tarehe 8 Agosti jibu lake ni kwamba hakujua. Baada ya hapo kila siku inamlalia yeye: tarehe gani aliomba nakala, lini akazipata, lini hati ya kiapo ikaandikwa. Aliyekwenda kwanza kulalamika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, akapoteza majuma matatu, atapata taabu kuyaeleza. Tena, akisema kwamba kiongozi wa mwalo wa Irugwa alimwona huko, kiongozi huyo naye aape hati yake. Vinginevyo hayo ni maneno ya kusikia.

Pamoja na hayo aombe utekelezaji usitishwe, kwani kufungua maombi peke yake hakumzuii dalali kuuza mtumbwi.

Hukumu ikitenguliwa, deni halikufutwa. Mahakama yaweza kumtaka alipe gharama au aweke fedha mahakamani, kisha shauri linaanza kusikilizwa pande zote, na hapo ndipo stakabadhi zake za malipo zitakapotazamwa. Mashauri ya Mahakama ya Mwanzo yana kanuni zake zenyewe. Mwenye shauri huko asihesabu siku kwa haya niliyoyasema, bali aulize kwa karani siku ile ile anapopata habari.