Barua Pepe kwa Mwalimu Mkuu: Namna ya Kueleza Uonevu Unaorudiwa

Mada kwa semina ya wazazi na walimu, Litein



Mzazi anayemwandikia mwalimu mkuu kuhusu mtoto anayeonewa huwa amejaa uchungu, na uchungu ndio hutangulia kwenye barua: "Mwanangu anateswa kila siku na nyinyi mnatazama tu." Mwalimu mkuu akisoma hivyo hana pa kuanzia. Kila siku ni siku gani? Anateswa na nani, wapi, saa ngapi? Basi humwita mtoto ofisini, mtoto anaogopa na kusema hakuna kitu, na habari inaishia hapo. Leo nitashughulikia jambo moja tu: jinsi ya kuandika kila tukio ili shule iweze kulihakikisha kwa kumbukumbu zake yenyewe.

Mfano nitakaoutumia nimeutunga, kwa hiyo hakuna shule wala familia inayolengwa. Mtoto ni mvulana wa Gredi ya Saba katika shule ya kutwa nje kidogo ya mji huu. Tangu Januari 2023, sekondari msingi ilipoanza ndani ya viwanja vya shule za msingi, mtoto wa miaka 12 na mwenzake wa miaka 15 wanatumia vyoo vilevile, bomba lilelile na foleni moja ya chakula, na mwalimu mkuu ni mmoja kwa wote. Mama yake ana shamba dogo la chai.

Dalili iliyomshtua mama ilikuwa sweta. Mnajua baridi ya asubuhi za Juni huku kwetu. Mtoto alirudi jioni na sweta iliyolowa hadi mabegani, na siku hiyo mvua haikuwa imenyesha. Akasema aliiangusha kwenye maji. Siku nyingine alifika nyumbani na njaa kali, ilhali alikuwa amelipiwa chakula cha mchana. Mama hakumkalisha chini kumhoji. Alimuuliza wakiwa kazini, wakichuma: "Leo mchana ulikaa na nani?" Hakuuliza, "Nani anakupiga?" Tofauti ya maswali hayo mawili ni kubwa. La pili linamwekea mtoto jibu mdomoni, na siku akiulizwa na mwalimu, mtu anaweza kusema ni mama aliyemfundisha. Maneno ya mtoto mama aliyaandika jioni ileile kwenye daftari, pamoja na tarehe.

Wakulima wa chai hatuhitaji kufundishwa sana hapo. Hakuna anayekwenda kiwandani kudai malipo kwa kusema "mimi huchuma mengi". Anakwenda na risiti zenye siku na kilo. Barua ya mama huyu ilijengwa hivyo. Hapa nimeweka herufi badala ya majina, lakini barua ya kweli iwe na majina kamili:

"Mada: SIRI – Ombi la kukutana kuhusu usalama wa mwanafunzi wa Gredi ya 7

Kwa Mwalimu Mkuu,

Salamu, Mwalimu. Mimi ni mama yake A wa Gredi ya Saba. Naandika kuhusu matukio manne yaliyotokea kati ya tarehe 4 na 16 Juni 2025.

Jumatano tarehe 4, wakati wa chakula cha mchana, A anasema B wa Gredi ya Tisa alimtoa kwenye foleni na kuchukua sahani yake. Hakula siku hiyo. Anasema C alikuwa nyuma yake kwenye foleni.

Jumanne tarehe 10, wakati wa mapumziko ya asubuhi, A anasema B na mvulana mwingine asiyemjua jina walimvua sweta wakaitumbukiza kwenye tangi la maji karibu na vyoo vya wavulana. Mimi mwenyewe niliiona sweta imelowa alipofika nyumbani saa kumi na nusu jioni. Picha nimeiambatisha.

Alhamisi tarehe 12, anasema B alichukua chakula chake tena. Jioni nilimpigia simu mwalimu wa darasa, akaniambia atazungumza nao. Namshukuru kwa hilo.

Jumatatu tarehe 16, baada ya masomo, kwenye njia inayoteremka kati ya mashamba ya chai, anasema B alimsukuma akaanguka, akamwambia: 'Ukisema tena utaona.' Hapo ni nje ya lango la shule. Niliona goti limechubuka, nikalisafisha. Leo tarehe 17 amekataa kuja shuleni.

Sijasikia upande wa B, na sijazungumza na wazazi wake. Naomba tukutane kabla ya Ijumaa tarehe 20. Naomba pia A aonyeshwe mwalimu mmoja wa kumwendea wakati wowote, na asiulizwe habari hizi mbele ya B. Nitamleta mwenyewe kesho asubuhi.

Wako,
Mama A, na nambari yangu ya simu."

Mtaona hakuna mahali mama anapotumia maneno "kila siku". Kwamba jambo linarudiwa, tarehe nne zimelithibitisha ndani ya wiki mbili. Na kila tarehe ina mlango wa kuingilia: siku hiyo kulikuwa na mwalimu wa zamu, kulikuwa na rejista ya darasa, kulikuwa na mtu aliyegawa chakula, na C anaweza kuulizwa peke yake. Mwalimu mkuu anaweza kuhakikisha bila kumgusa A kwanza. Hata mvulana asiyejulikana jina ana faida: mama angekisia jina, na ikawa si huyo, barua yote ingeanguka kwa kosa hilo moja.

Angalieni pia "anasema" na "niliona". Sweta iliyolowa mama aliiona, tangi hakuliona. Wazazi wengi huogopa kwamba kuandika "anasema" kunamfanya mtoto aonekane mwongo. Sivyo. Kunamfanya mama aaminike, kwa sababu msomaji anajua pale anaposema "niliona" hakika aliona.

Nawaomba mkae kidogo kwenye tarehe 12 na 16. Mwalimu wa darasa aliambiwa Alhamisi; Jumatatu mtoto akasukumwa na kuonywa asiseme tena. Yamkini mwalimu aliwaita wote wawili, akawagombeza kwa pamoja, akawaambia wapeane mikono. Hilo hufanyika sana, na kwa nia njema. Watoto wawili wenye nguvu sawa waliogombania mpira wanaweza kupatanishwa hivyo. Lakini mtoto wa Gredi ya Saba aliyesimamishwa mbele ya yule wa Gredi ya Tisa anayemnyang'anya chakula hatasema lolote, na wakitoka ofisini, mkubwa anajua ni nani aliyesema. Mama hakuandika kwamba mwalimu ndiye aliyeharibu. Aliyapanga matukio mawili kwa tarehe zake, akaomba mtoto asiulizwe mbele ya B. Mwalimu mkuu ataelewa, na mwalimu wa darasa hatakuwa na sababu ya kujitetea.

Maombi ni mahali pengine barua nyingi huharibika. Mzazi hudai B afukuzwe shule. Mwalimu mkuu hana uwezo huo kwa amri yake tu. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hakiruhusu mwanafunzi afukuzwe isipokuwa kwa kanuni, baada ya njia nyingine zote za kumrekebisha kushindikana, na baada ya mtoto na mzazi wake kusikilizwa. Wengine huomba achapwe viboko. Kifungu cha 36 kinakataza adhabu ya kumwumiza mwanafunzi mwili au akili, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Ukiomba lisilowezekana, umempa msomaji wako jibu rahisi la "haiwezekani", na mazungumzo yamefungwa. Mkutano kabla ya Ijumaa, mwalimu mmoja wa kuendewa, na kuhojiwa kando ni mambo yanayoweza kufanyika kesho yake.

Vifungu hivyo vya sheria, hata hivyo, sivyo vya kuwekwa kwenye barua ya kwanza. Barua ya kwanza inaomba msaada. Ukianza na sheria, mwalimu mkuu ataanza kutafuta maneno ya kujikinga.

Sasa kuhusu kuituma. Katika shule nyingi anwani ya barua pepe ni moja, na karani au naibu huifungua pia. Ndiyo maana neno SIRI liko mwanzoni mwa mada, na jina la mtoto haliko pale. Mtumie mwalimu mkuu ujumbe mfupi wa simu: "Nimekutumia barua pepe leo jioni, tafadhali isome mwenyewe." Ukiandikia saiba mjini, hakikisha umetoka kwenye akaunti yako na umefuta picha uliyopakua kabla ya kuinuka kitini. Lugha isiwatie wasiwasi: ibara ya 7 ya Katiba imefanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, kwa hiyo barua ya Kiswahili ina uzito uleule.

Barua hiyo isifike kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, hata kwa kipande cha picha. B naye ni mtoto wa mtu, na habari zake zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Jina lake likishasambaa, kikao cha shule kitahusu kundi la WhatsApp, na sweta na sahani vitasahaulika.

Mkishakutana, andika barua ya pili siku hiyohiyo, mistari minne au mitano: tumekubaliana nini, nani atafanya, lini tutazungumza tena. Mwisho wake weka maneno haya: "Kama nimeelewa vibaya, tafadhali nirekebishe." Wengi huiacha hatua hii kwa sababu mkutano ulikwenda vizuri na wametoka wamefarijika. Lakini mwalimu mkuu anaweza kuhamishwa muhula ujao, na anayeingia atakuta barua hiyo tu.

Kama hakuna jibu, au uonevu ukaendelea, ongeza tarehe mpya chini ya zile nne na umwandikie mwenyekiti wa Bodi ya Usimamizi, kisha mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo ya Bureti, ukiambatisha barua zote ulizotuma. Hapo sasa taja ibara ya 53 ya Katiba, inayompa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma na aina zote za ukatili.

Yapo mambo ambayo barua pepe haiyafai kabisa. Mtoto akijeruhiwa vibaya, akitishiwa kwa silaha, akiguswa kingono, au akianza kusema hataki kuishi, usikae kuandika. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Panapokuwa na kosa la jinai, ripoti kituo cha polisi upewe fomu ya P3 ili daktari aijaze. Nambari 116 ya msaada kwa watoto inapigwa bila malipo, usiku na mchana. Mwalimu mkuu ajulishwe kwa simu ukiwa njiani, na barua ifuate mtoto akishatibiwa.