Hotuba ya Ufunguzi wa Jioni ya Mafumbo ya Maneno, Kata ya Maji ya Chai



Fumbo la leo ni jina la kata yetu. MAJI YA CHAI lina herufi 10: A tatu, I mbili, na M, J, Y, C na H mojamoja. Kila timu ina dakika 20 za kuunda maneno kutokana na herufi hizo. Herufi haitumiki zaidi ya mara inavyoonekana katika jina. Kwa hiyo "jamii" ni halali kwa kuwa ina I mbili, lakini "mama" si halali, kwa kuwa M ni moja tu. Sauti "ch" itahesabiwa kuwa herufi mbili.

Kiswahili huzaa maneno mengi kutoka mzizi mmoja, na hapo ndipo ugomvi huanzia. Kitenzi kiandikwe kama kinavyoingizwa katika kamusi: "hama" litapokelewa, "ahama" halitapokelewa. Nomino iwe ya umoja au ya wingi, si zote mbili. Majina ya watu na ya mahali hayahesabiki. Mabishano yataamuliwa na Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyopo mezani kwa waamuzi.

Neno la herufi tatu lina alama 1, la nne alama 2, la tano alama 3, na la sita au zaidi alama 5. Neno batili hupunguza alama 1, ili watu wasibahatishe.

Sharti la mwisho ndilo lililotufanya tuchanganye umri katika timu. Mwenye umri mdogo ndiye atakayeandika, na mwenzake aliye mkubwa kwake ataeleza maana. Neno lisiloelezwa halipati alama, hata kama limo katika kamusi.

Tuchukue mfano. Timu imeandika hai, chai, jamii, yai, mayai, himaya na mama. Hai ni 1, chai 2, jamii 3. Kati ya yai na mayai tunahesabu moja, lile lenye alama nyingi, yaani mayai, 3. Himaya ni 5, iwapo babu au bibi wa timu ataeleza kwamba ni ulinzi, au eneo lililo chini ya utawala wa mwingine. Jumla ni 14. Tukiondoa 1 kwa ajili ya mama, zinabaki 13. Babu akinyamaza, zinabaki 8 tu. Mtoto aliyeunganisha herufi sita atakuwa amezipoteza alama tano kwa sababu hakuna aliyemfunulia maana.

Timu zikilingana, itashinda yenye neno refu zaidi lililokubaliwa. Filimbi ya pili ikilia, kalamu chini.

Ndugu zangu, shikeni kalamu. Jioni ya mafumbo imefunguliwa rasmi.